Mswada umekataliwa: maoni yapi ya wahakiki yafanyiwe kazi kwanza?

Barua ya jarida inayokataa mswada huwa na sehemu mbili, na waandishi wengi huanza na ile isiyostahili kutangulia. Juu kuna aya mbili tatu za mhariri. Chini yake kuna kurasa za maoni ya wahakiki, yamepangwa kwa namba, na macho hukimbilia huko kwa sababu huko ndiko kunakouma. Mwandishi huruka aya za mhariri, hushuka hadi kwa Mhakiki wa Pili, hukasirika, kisha kesho yake hufungua mswada na kuanza kujibu hoja namba moja, namba mbili, namba tatu. Wiki tatu baadaye amerekebisha utangulizi, ameongeza rejea kumi na moja na kuchora upya vielelezo, na bado hajagusa kile kilichomkataza kuchapishwa.

Namba zile hazina maana ya uzito. Mhakiki husoma mswada kuanzia mwanzo na kuandika kila anapokwama, kwa hiyo hoja ya kwanza mara nyingi ni ya kwanza kwa sababu tu utangulizi huja mwanzoni. Isitoshe, mhakiki hushauri, lakini anayeamua ni mhariri. Katika majarida mengi mhakiki huwa na sehemu ya kuchagua pendekezo lake, na nyingine ya kumwandikia mhariri mambo ambayo mwandishi hatayaona. Ndiyo maana mtu hupokea maoni ya upole, yenye sifa kedekede, halafu mswada umekataliwa. Upole ule ulikuwa wa kwako. Shaka yenyewe ilipelekwa kwa mhariri.

Basi rudi kwenye zile aya za juu, utafute kitu kimoja: ni hoja ipi ya wahakiki mhariri ameirudia kwa maneno yake mwenyewe? Akisema kazi ni nzuri ila haiingii katika wigo wa jarida, tatizo liko kwenye anwani uliyoipelekea. Akisema wahakiki wote wawili wana shaka kama hitimisho linabebwa na data, tatizo liko ndani ya kazi, na litakufuata katika kila jarida utakalojaribu. Akiongeza kwamba yuko tayari kupokea mswada mpya baada ya uchanganuzi kurudiwa, hiyo si adabu ya kumalizia barua, kwa maana wahariri hawana haja ya kuomba kazi ambayo hawataki kuisoma tena. Asipolisema hilo, chukua kwamba mlango wa jarida hilo umefungwa na unajiandaa kwa jingine.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga ili hesabu zake zionekane wazi. Watafiti walitaka kujua kama ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha mgonjwa tarehe ya kurudi kliniki unaongeza mahudhurio. Walichukua kliniki 12, wakazigawa kwa kura ya bahati nasibu, kliniki sita zikatuma ujumbe na sita zikaendelea kama kawaida. Mswada wao uliripoti wagonjwa 480, yaani 240 kila upande. Upande wa ujumbe walirudi 170, sawa na asilimia 71. Upande wa pili walirudi 144, sawa na asilimia 60. Tofauti ni karibu pointi 11, na kwa hesabu ya kawaida tofauti halisi ingeweza kuwa popote kati ya pointi 2 na 19. Hitimisho lao likasema: ujumbe mfupi unaongeza mahudhurio.

Mhakiki wa Kwanza aliandika mambo matano. Utangulizi ni mrefu na hauonyeshi pengo la maarifa. Katika kielelezo cha pili kliniki mbili zimeachana sana na nyingine, waandishi waeleze kwa nini. Hitimisho limezidi nguvu. Lugha ihaririwe. Ziongezwe rejea tatu, ambazo kwa bahati ya ajabu zote zina jina la mwandishi mmoja.

Mhakiki wa Pili naye: uchanganuzi umewahesabu wagonjwa kana kwamba kila mmoja alipigiwa kura peke yake, ilhali zilizopigiwa kura ni kliniki. Hakuna maelezo ya jinsi ukubwa wa sampuli ulivyopatikana. Waliosajiliwa ni 517 lakini waliochanganuliwa ni 480, wale 37 wako wapi? Jedwali la tatu halijumliki. Mwisho, waandishi wafanye mahojiano na wagonjwa ili kujua sababu za kutorudi.

Hoja kumi. Ukizitazama kama orodha, unaona kazi kumi. Lakini soma hoja ya pili na ya tatu za Mhakiki wa Kwanza pamoja na ya kwanza ya Mhakiki wa Pili. Mmoja ameona kliniki mbili zinapaa juu ya wenzake na hitimisho linalojiamini kupita kiasi. Mwingine ametaja kwamba kliniki hazikuingizwa kwenye hesabu. Wanazungumza jambo moja. Wa kwanza ameeleza dalili, wa pili ametaja ugonjwa. Kama nusu ya tofauti yote inatoka kwenye kliniki mbili, basi huenda mswada unapima ubora wa kliniki hizo zaidi ya unavyopima ujumbe wa simu, na hesabu iliyosahau kliniki haiwezi kuligundua hilo.

Hapa kuna kanuni ninayoiamini kuliko nyingine zote katika usomaji wa maoni: mwamini mhakiki anapokuonyesha mahali alipokwama, lakini pima mwenyewe dawa anayokuandikia. Mahali alipokwama ni ushahidi, kwa sababu msomaji mzoefu amefika hapo akashindwa kuendelea. Dawa ni kisio lake la haraka, na yeye haijui data yako. Mhakiki wa Kwanza aliomba maelezo ya kliniki zile mbili. Ukimtii neno kwa neno utaongeza aya katika mjadala, ukikisia kwamba pengine wauguzi wa kliniki hizo wana ari zaidi. Aya hiyo itakuwa imepambwa juu ya ufa.

Sasa mpangilio. Mswada wa utafiti una mkondo: nani ameingizwa katika hesabu, hesabu imefanywaje, matokeo yamesemaje, hitimisho limedai nini, kisha utangulizi na ikisiri vinavyolitayarisha dai hilo. Badiliko lolote juu ya mkondo hubadilisha kila kitu chini yake, na badiliko la chini haligusi cha juu. Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila hoja ni moja tu: nikiirekebisha hii, ni sehemu gani nyingine zitalazimika kuandikwa upya? Hoja yenye jibu refu zaidi ndiyo inayotangulia, hata kama mhakiki aliiandika kwa mstari mmoja mwishoni.

Kwa kipimo hicho, hoja ya kwanza kushughulikiwa katika mfano wetu inawashangaza wengi. Si ile ya kliniki. Ni ile fupi ya wagonjwa 37. Hao wako juu kabisa ya mkondo, kwa sababu huwezi kurudia uchanganuzi kabla ya kujua ni nani wanaochanganuliwa.

Watafiti wanarudi kwenye daftari na kukuta kwamba 37 hao waliondolewa kwa sababu namba zao za simu hazikupatikana. Kati yao 29 walikuwa upande wa ujumbe na 8 upande wa pili. Ukitafakari, hilo halishangazi: upande wa ujumbe ndio uliokuwa ukitumia namba hizo kila mara, kwa hiyo ndiko kulikogundulika namba zilizokufa. Lakini maana yake ni nzito. Mtu aliyepoteza simu au kuhama makazi huenda pia asirudi kliniki, na watu wa aina hiyo wameondolewa zaidi upande mmoja. Upande huo umependelewa kabla ya hesabu kuanza.

Kwa bahati nzuri rejista za kliniki zinaonyesha nani alirudi, simu iwepo isiwepo. Kati ya wale 29 walirudi 12. Kati ya wale 8 walirudi 5. Kila mgonjwa akirudishwa kwenye kundi alilopangiwa, upande wa ujumbe unakuwa 182 kati ya 269, karibu asilimia 68, na upande wa pili 149 kati ya 248, asilimia 60. Tofauti imeshuka kutoka pointi 11 hadi chini kidogo ya 8, na bado hatujagusa suala la kliniki.

Hilo ndilo la pili. Wagonjwa wa kliniki moja hufanana: wana wauguzi walewale, foleni ileile, umbali unaokaribiana. Mgonjwa wa arobaini wa kliniki moja hakupi habari mpya kama mgonjwa wa kwanza wa kliniki nyingine. Ufanano huo hupimwa kwa namba ambayo hapa tutaiita r, na athari yake kwenye ukubwa wa sampuli hukadiriwa hivi:

```
1 + (m − 1) × r
```

Hapa m ni wastani wa wagonjwa kwa kliniki. Tuseme data yetu inaonyesha r ya 0.05, ambayo kwa jicho ni ndogo mno. Wagonjwa 517 katika kliniki 12 ni wastani wa 43, na hesabu inatoa takriban 3.1. Gawa 517 kwa 3.1: kwa uwezo wa kitakwimu, watafiti wana kama wagonjwa 167 tu. Tofauti ya pointi 8 sasa ina masafa yanayoanzia karibu pointi 7 chini ya sifuri hadi 22 juu yake, na kwa kuwa kliniki zenyewe ni 12 tu, hesabu ya uangalifu zaidi itayapanua tena. Ujumbe unaweza kuwa umesaidia sana, au haukusaidia kabisa, au hata uliharibu kidogo. Data hii haiwezi kuamua.

Tazama kilichotokea kwa hoja nyingine. Hitimisho limezidi nguvu? Limeanguka lenyewe, halihitaji kupunguzwa makali kwa neno "huenda". Kliniki mbili zilizoachana? Sasa zimo ndani ya uchanganuzi, na mjadala utazitaja kama sehemu ya mtawanyiko uliopimwa. Jedwali la tatu halijumliki? Litaundwa upya lote, na pengine lilikuwa halijumliki kwa sababu ya wale 37. Utangulizi? Ulijengwa kuandaa habari njema ambayo haipo tena, kwa hiyo ungeuhariri mwanzoni ungeuhariri mara mbili. Kati ya hoja kumi, mbili zimebeba nyingine nne.

Zinazobaki ni za aina tofauti. Ukubwa wa sampuli haukupangwa, na hilo haliwezi kurekebishwa, kwa sababu utafiti umekwisha. Kosa ninaloliona mara nyingi hapa ni mtu kutunga hesabu ya sampuli baada ya tukio, akitumia tofauti aliyoipata yeye mwenyewe. Mhakiki mwenye uzoefu huitambua mara moja, kwani hesabu ya namna hiyo hurudia tu kile ambacho masafa ya matokeo yameshakisema. Jibu la kweli ni sentensi moja katika sehemu ya mipaka ya utafiti: sampuli haikukokotolewa kabla, na idadi ya kliniki ni ndogo.

Mahojiano na wagonjwa ni utafiti mwingine. Hoja kama hiyo, inayoanza na "waandishi wangefanya pia", hueleza kazi ambayo mhakiki angependa kuisoma, ilhali iliyo mbele yake ni nyingine. Njia ya kuipima ni kuuliza kama dai lako linasimama bila hicho kinachoombwa. Dai la kwamba mahudhurio yamebadilika au hayakubadilika halihitaji mahojiano. Kama mswada ungedai kueleza kwa nini wagonjwa hawarudi, mahojiano yangekuwa ya lazima, au dai hilo lifutwe. Kufuta dai mara nyingi ni marekebisho bora kuliko kuongeza data, na waandishi huwa wazito kulifikiria.

Rejea tatu za mwandishi mmoja? Zisome. Ikiwa moja inahusu jambo lako, iweke. Nyingine ziache. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, katika mwongozo wake kwa wahakiki inawakataza kupendekeza rejea kwa lengo tu la kujiongezea hesabu ya kunukuliwa. Na kwa kuwa mswada umeshakataliwa, huna deni la kumridhisha mtu huyo.

Lugha huja mwisho kabisa, lakini kwa tahadhari moja. Mhakiki anapolalamikia lugha ya mswada wote, huenda ni sarufi kweli. Anapoilalamikia aya moja au sehemu ya mbinu tu, mara nyingi hakuelewa ulichofanya, akadhani kizuizi ni lugha. Kumpelekea mhariri wa lugha aya ya namna hiyo hakusaidii, maana atainyoosha sentensi huku jambo lenyewe likibaki gizani.

Vipi wahakiki wakipingana? Mmoja anasema sehemu ya mbinu ni ndefu mno, mwingine anasema haina maelezo ya kutosha. Kabla ya kuchagua upande, angalia kama wote wawili wameelekeza kidole mahali pamoja. Wakiwa wamefanya hivyo, kwa kawaida taarifa zipo ila zimekaa pabaya: kurasa mbili kuhusu programu ya kutuma ujumbe, mstari mmoja kuhusu jinsi kura ya kliniki ilivyopigwa. Wote wako sahihi. Barua ya mhariri nayo wakati mwingine huonyesha ni nani kati yao aliyeaminiwa, kwa kutaja hoja ya mmoja na kunyamazia ya mwingine.

Kuna kishawishi cha kupeleka mswada vilevile ulivyo kwenye jarida lingine, kwa matumaini ya kupata wahakiki wengine. Katika fani ndogo, anayeombwa kuuhakiki mara ya pili anaweza kuwa yuleyule, na akikuta jedwali la tatu bado halijumliki, maoni yake ya pili hayatakuwa na subira ya yale ya kwanza. Kishawishi kingine ni kukata rufaa. Rufaa ina nafasi mhakiki anapokuwa amekosea jambo linaloweza kuonyeshwa kwa kidole, kama vile kusema hakukuwa na kundi la kulinganisha wakati lipo ukurasa wa nne. Kutokubaliana naye kuhusu uzito wa kazi hakutoshi, na kwa muda huo wote mswada hauwezi kupelekwa kwingine.

Kwa andiko la kuomba ruzuku, mkondo ni uleule lakini tofauti moja inageuza kila kitu: data bado haijakusanywa. Hoja ya kliniki, ambayo kwa mswada ilikuwa jeraha, kwa andiko ni mabadiliko ya mpango. Tuseme watafiti walewale wanaomba fedha kuurudia utafiti kwa ukubwa unaofaa, na wanataka kuweza kugundua ongezeko kutoka asilimia 60 hadi 70. Kama kila mgonjwa angepigiwa kura peke yake wangehitaji kama 355 kila upande. Kwa kliniki zenye wagonjwa 40 na r ileile ya 0.05, idadi hiyo inazidishwa kwa 2.95, na inakuwa karibu 1,050, yaani kliniki 27 kila upande. Wakidhani wataokoa fedha kwa kuchukua wagonjwa 80 kwa kila kliniki, bado watahitaji kama kliniki 22 kila upande, kwa sababu wagonjwa wa ziada wa palepale huongeza habari kidogo sana. Hoja moja ya uchanganuzi imepita moja kwa moja hadi kwenye bajeti, ratiba na idadi ya wasaidizi, kwa hiyo ni kazi bure kurekebisha bajeti kwanza eti kwa sababu mhakiki aliitaja kwanza.

Alama nazo husaidia kujua pa kuanzia, pale zinapotolewa. Katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, wahakiki hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Andiko linalofika kwenye mjadala wa jopo hupata alama ya jumla kati ya 10 na 90, pamoja na aya inayofupisha majadiliano. Aya hiyo ndiyo barua ya mhariri kwa upande wa ruzuku. Maoni ya mhakiki mmoja mmoja yaliandikwa kabla ya kikao, na hoja iliyoonekana kubwa kwenye karatasi inaweza kuwa ilizimwa mezani kwa dakika moja, huku nyingine ndogo ikiwa ndiyo iliyoshusha alama. Andiko lisilofika kwenye mjadala halina aya hiyo, na hapo inabidi utafute mwenyewe hoja ambayo wahakiki wawili au watatu wameigusa kwa maneno tofauti.

Kwa maandiko yenye tarehe ya mwisho kuanzia Januari 25, 2025, NIH hupanga tathmini ya miradi mingi ya utafiti katika mafungu matatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti wa mbinu na uwezekano wa kutekelezeka, na utaalamu pamoja na nyenzo. Alama mbaya katika fungu la pili, kama ilivyo kwa kliniki zetu, ni kazi ya miezi michache. Alama mbaya katika fungu la kwanza ni habari nyingine: wahakiki wamesema kwamba hata ukifanya kila kitu sawasawa, jibu lenyewe halitabadilisha mengi. Hapo juu ya mkondo pamehamia kwenye swali la utafiti, na kunyoosha mbinu hakutalifikia.

Andiko linaporudishwa NIH, huandamana na utangulizi wa ukurasa mmoja kueleza kilichobadilika, na linapaswa kurudi ndani ya miezi 37 tangu lile la kwanza. Ukurasa mmoja hautoshi kujibu hoja kumi. Unatosha kusema kliniki zimetoka 12 hadi 54, kwa hesabu gani, na kwamba wagonjwa wote watahesabiwa katika kundi walilopangiwa, simu zao ziwe hai au zimekufa.